Umeandikiwa vipimo vya homoni kwa sababu hedhi haieleweki? Kabla hujatolewa damu, jua uko siku ya ngapi

Wengi wanaifahamu hii. Hedhi ilikuja Januari, ikaruka, ikaja Machi, kisha ikachelewa tena. Unaenda hospitali, daktari anakuandikia karatasi yenye herufi kibao: FSH, LH, PRL, PROG, TSH, TESTO. Maabara iko jengo la pili, kwa hiyo unapita hapohapo, wanakutoa damu, unarudi nyumbani. Majibu yakitoka unaambiwa "homoni zako zimevurugika".

Huenda ni kweli. Lakini huenda pia homoni ziko sawa na kilichokosewa ni siku ya kutoa damu. Homoni za uzazi hazikai kiwango kimoja mwezi mzima. Namba ambayo leo ni ya kawaida kabisa, wiki mbili baadaye inaweza kuwa dalili ya tatizo. Ndiyo maana karatasi ya majibu isiyoonyesha ulikuwa siku ya ngapi ya mzunguko ni nusu ya jibu tu.

Siku ya 1 ni ipi hasa?

Siku ya 1 ni ile damu inapotoka vizuri, ya kuhitaji pedi. Matone ya kahawia yanayotangulia siku moja au mbili hayahesabiwi. Mzunguko mmoja unaanzia siku hiyo hadi siku moja kabla ya damu ya mwezi unaofuata.

Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 huhesabiwa kuwa wa kawaida hata kama haufanani mwezi kwa mwezi. Ukicheza kati ya 27 na 31, huna tatizo la kukupeleka maabara. Binti ambaye ndiyo kwanza amevunja ungo ni habari nyingine. Mwaka wa kwanza hedhi huja inavyotaka, na katika miaka miwili inayofuata mzunguko unaweza kufika hata siku 45 bila ugonjwa wowote.

Kabla ya kwenda kokote, andika tarehe za hedhi zako 3 au 4 za mwisho kwenye simu. Utaona hapo chini kwamba tarehe hizo zinaweza kumsaidia daktari kuliko kipimo chenyewe.

Mambo mawili ya kumaliza kwanza

La kwanza ni kipimo cha mimba. Hata kama una uhakika huna, hata kama mwezi uliopita uliona damu kidogo. Mimba ndiyo sababu ya kwanza ya hedhi kukosekana, na mwenye mimba akipimwa homoni, prolaktini yake itakuwa juu, projesteroni itakuwa juu, FSH itakuwa chini, na wote mtaanza kuhangaika na ugonjwa usiokuwepo.

La pili ni uzazi wa mpango. Ukiwa unameza vidonge, au una kijiti, au umechomwa sindano ya miezi mitatu, ubongo umeambiwa upunguze FSH na LH. Ukipima unaona namba ndogo, lakini hizo ni kazi ya dawa, si ovari zako. Sindano ndiyo inawachanganya wengi zaidi, kwa sababu mtu anasema "nimeacha mwezi wa tano" wakati dawa bado iko mwilini. Baada ya sindano ya mwisho kuisha muda wake, hedhi inaweza kuchukua miezi 6 hadi 12 kurudi sawa, na kwa wengine zaidi. Kwa vidonge, madaktari wengi hupenda usubiri kama miezi mitatu baada ya kuacha ndipo upime, hasa testosteroni. Usiache njia yako kimyakimya kwa ajili ya kipimo tu. Ongea kwanza na daktari mpange utatumia nini katikati hapo.

Hata P2 inasogeza hedhi kwa siku kadhaa. Kama uliimeza mwezi huu, huo si mzunguko mzuri wa kupima.

Siku ya 2 hadi ya 5: FSH, LH na estradioli

Siku hizi za mwanzo, damu ikiwa bado inatoka, ovari zimetulia. Ubongo kupitia tezi ya pituitari ndiyo unaanza kuzigonga mlango: FSH inaita mayai yaanze kukua, LH iko chini ikisubiri zamu yake. Ni wakati mzuri wa kupima kwa sababu hakuna kelele nyingine. Ukisubiri hadi katikati ya mzunguko, LH hupanda ghafla mara kadhaa ili kulitoa yai, na mtu asiyejua siku hiyo atadhani ni ugonjwa.

FSH ielewe hivi: ni sauti ya ubongo ukiita ovari. Ovari ikiitika haraka, sauti inabaki ya chini. Ovari ikiwa imechoka na mayai yameisha, ubongo unapaza sauti. Kwa hiyo FSH ya siku ya 3 iliyo kati ya 3 na 10 hivi ni ya kawaida kwa mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa. Ikivuka 25 kwa mtu aliye chini ya miaka 40 ambaye hedhi yake imekatika au inaruka kwa miezi 4 au zaidi, daktari anafikiria ovari zimeacha kazi mapema. Kwa kawaida kipimo hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6 kama kuna shaka, maana ovari za namna hii wakati mwingine zinaamka kidogo na kulala tena. Usikubali kuambiwa "umefikia ukomo" kwa namba moja iliyopimwa siku isiyojulikana.

Kwa waliovuka 45 wenye joto la ghafla mwilini na hedhi inayoruka, kipimo hiki hakisaidii sana. FSH yao inapanda mwezi huu na kushuka mwezi ujao. Dalili zenyewe zinatosha kusema ukomo unakaribia.

Estradioli, ile estrojeni kuu, inapimwa pamoja na FSH kwa sababu moja ambayo watu huisahau: inaweza kuificha. Estradioli ikiwa juu mapema, inauambia ubongo "tulia, yai lipo", na FSH inashuka. Karatasi itaonyesha FSH nzuri kumbe ni estradioli iliyoibana. Ndiyo maana FSH peke yake bila estradioli ni jibu la kutilia shaka.

Sasa geuza upande wa pili: FSH na LH zote ziko chini, na estradioli nayo iko chini. Hapa ovari hazina kosa, haziitwi. Ubongo umezima. Hutokea kwa mtu aliyepungua uzito sana, anayefanya mazoezi makali huku anakula kidogo, au aliye kwenye msongo mzito wa muda mrefu.

Kuna sababu moja ya hali hii ambayo kwetu lazima iulizwe. Mama aliyetoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa hayakutoka, na hedhi haikurudi tena. Kwenye upotevu mkubwa wa damu, tezi ya pituitari inaweza kukosa damu na sehemu yake kufa. Ugonjwa huu unaitwa Sheehan, na mtu anaweza kuishi nao miaka akiwa mchovu, anasikia baridi, nywele za kinena zinapukutika, na anaambiwa ni upungufu wa damu. Kama hii ni hadithi yako, mwambie daktari neno kwa neno, kwa sababu hapo homoni za uzazi hazitoshi. Lazima ipimwe kotisoli ya asubuhi na homoni yenyewe ya thairoidi, T4. TSH pekee itadanganya: inatoka kwenye tezi ileile iliyoumia, kwa hiyo inaweza kuonekana ya kawaida wakati mwili hauna homoni ya thairoidi ya kutosha.

Projesteroni: "siku ya 21" ni ya nani?

Hiki ndicho kipimo kinachokosewa kuliko vyote.

Projesteroni inatengenezwa na kile kifuko kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka. Yai lisipotoka, projesteroni haipandi. Kwa hiyo kinaulizwa swali moja tu: mwezi huu yai lilitoka au halikutoka?

Inafika kileleni karibu siku 7 baada ya yai kutoka, ambayo ni kama siku 7 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14, kwa hiyo kilele ni siku ya 21. Hapo ndipo ilipotoka "siku ya 21". Sasa tatizo ni kwamba karatasi zinaandikwa "siku ya 21" kwa kila mtu, na mtu aliyekuja kulalamika kuhusu mzunguko mrefu ndiye hasa asiyehusika na siku hiyo.

Tuchukue dada wa mfano, miaka 29. Kwenye simu yake ana tarehe hizi za hedhi: 3 Januari, 10 Februari, 23 Machi, 28 Aprili. Ukihesabu, mizunguko yake ni siku 38, 41 na 36. Anatafuta mtoto. Anaandikiwa projesteroni ya siku ya 21, anahesabu kuanzia 28 Aprili, anaenda kupima tarehe 18 Mei. Majibu: 0.6 ng/mL. Anaambiwa yai halipevuki, anaandikiwa vidonge vya kupevusha mayai.

Tulia tuhesabu. Kwa mizunguko yake, hedhi inayofuata inatarajiwa kati ya 3 na 8 Juni. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi, yaani kati ya 20 na 25 Mei. Tarehe 18 Mei alipochomwa sindano ya kupima, yai lilikuwa bado halijafikia siku yake. Projesteroni ya 0.6 siku hiyo ndiyo iliyotakiwa kuwepo. Kipimo kilikuwa sahihi, swali ndilo lililoulizwa mapema mno.

Siku yake ya kupima ilikuwa ipi? Toa siku 7 kwenye hedhi inayotarajiwa: kati ya 27 Mei na 1 Juni. Kwa kuwa mzunguko wake unacheza, asitegemee siku moja. Apime mara ya kwanza 27 Mei, arudie baada ya siku chache hadi wiki moja, mpaka hedhi ije. Tuseme amefanya hivyo: tarehe 27 Mei amepata 4.9, tarehe 31 Mei amepata 11.8, na hedhi imekuja 6 Juni.

Kiwango kinachozidi 3 ng/mL kinaonyesha yai limetoka. Kwa hiyo huyu dada anapevusha yai, ila linachelewa. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayetafuta mtoto. Miezi yote hiyo alikuwa akihesabu siku za hatari kuanzia 12 hadi 16, kumbe zake zilikuwa zinaangukia baadaye zaidi ya hapo.

Mambo mawili ya kuongezea hapa. Usilinganishe 11.8 yako na 18 ya rafiki yako ukadhani yako ni dhaifu. Projesteroni inamwagika kwa vipindi, inapanda na kushuka ndani ya saa chache, kwa hiyo namba moja haiwezi kupima "nguvu" ya yai. Na angalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba. Maabara nyingine hutumia nmol/L. Ili kupata hiyo, zidisha ng/mL kwa 3.18, maana yake 11.8 ya huku ni karibu 37.5 ya kule. Kuna watu wamepima maabara mbili wakadhani homoni imepanda mara tatu kwa wiki moja, kumbe ni vipimio tofauti tu.

Na kama hedhi imekuja siku 19 baada ya kupima, kama ilivyotokea kwa dada huyu na kile kipimo cha 18 Mei, hilo jibu la kwanza liweke kando. Ndiyo maana nasema tarehe ya hedhi iliyofuata baada ya kipimo ni sehemu ya majibu. Mwambie daktari ilikuja lini.

Prolaktini: siku yoyote, ila si kwa namna yoyote

Prolaktini ni homoni ya maziwa. Ikiwa juu kwa mtu ambaye hanyonyeshi, inaunyamazisha ubongo usitoe FSH na LH vizuri, na hedhi inaruka au inakatika. Wengine hutokwa maziwa kwenye chuchu, wengine hawaoni dalili hiyo kabisa.

Kipimo hiki hakijali siku ya mzunguko. Kinajali ulivyofika maabara. Prolaktini hupanda ukiwa usingizini, kwa hiyo ukitoka kitandani na kukimbilia kupima saa 12 na nusu asubuhi, itakuwa juu. Hupanda pia kwa hofu, kwa maumivu, baada ya mazoezi, baada ya tendo la ndoa na baada ya kuchezewa au kukaguliwa matiti. Nenda saa 3 hadi saa 5 asubuhi, ukiwa umeamka angalau saa mbili au tatu kabla, kaa kwenye benchi kama nusu saa upumue. Kama umekimbizana na daladala, mwambie mtu wa maabara akupe muda.

Kiwango cha kawaida kwa mwanamke asiye na mimba huishia karibu 25 ng/mL. Ukipata 35 au 40, jambo la kwanza ni kurudia ukiwa umetulia, si kukimbilia picha ya ubongo. La pili ni kuangalia dawa unazotumia. Dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasili, hupandisha sana. Domperidoni vilevile. Dawa nyingi za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni pia, na hizo usiziache mwenyewe hata siku moja. Aliyekuandikia ndiye wa kuamua.

La tatu ni thairoidi. Tezi ya shingo ikiwa inafanya kazi polepole, prolaktini nayo hupanda. Ukitibu tezi, prolaktini inashuka yenyewe. Hii ndiyo sababu PRL na TSH zinatakiwa kutoka kwenye chupa za siku moja.

Ikiwa juu sana, hasa ikivuka 200 ng/mL, uwezekano mkubwa ni uvimbe kwenye tezi ya pituitari unaotengeneza prolaktini. Neno uvimbe linatisha, lakini huu kwa kawaida si saratani, na mara nyingi hutibiwa kwa vidonge bila upasuaji. Kinachohitaji haraka ni maumivu ya kichwa yasiyoisha pamoja na macho kutoona pembeni, yaani unagonga milango au huoni bodaboda inayokuja ubavuni. Hapo usisubiri siku ya kliniki.

TSH

Hii pima siku yoyote, huhitaji kuhesabu. Kawaida ni kama 0.4 hadi 4.0. Ikiwa juu, tezi imelegea: hedhi huwa nzito au inaruka, unaongezeka uzito, unasikia baridi, choo kigumu. Ikiwa chini, tezi imezidi kasi: hedhi hupungua, moyo unakwenda mbio, unapungua huku unakula.

Neno moja tu la tahadhari: zile vitamini za nywele na kucha ambazo siku hizi zinauzwa kila kona, nyingi zina biotini kwa wingi. Biotini huingilia mashine nyingi zinazopima homoni. Inaweza kuishusha TSH kwenye karatasi tu, na kupandisha estradioli au testosteroni kwenye karatasi tu. Acha siku 2 au zaidi kabla ya kupima, na sema maabara kwamba ulikuwa unatumia.

Testosteroni, AMH na suala la PCOS

Turudi kwa dada wetu. Tumejua yai linatoka, ila kwa kuchelewa. Swali linalofuata ni kwa nini. Hedhi imeanza 6 Juni, kwa hiyo tarehe 8 Juni ni siku ya 3, na anaenda asubuhi kutoa damu. Anapata FSH 5.8, LH 9.4, estradioli ya kawaida, prolaktini 14, TSH 2.1. Testosteroni imezidi kidogo kiwango cha juu cha maabara hiyo. Anaeleza pia kwamba ana nywele ngumu kidevuni ambazo huzing'oa kila wiki.

Wengine wataona LH imezidi FSH na kusema papo hapo "PCOS". Uwiano huo ulikuwa ukitumika zamani, siku hizi hauhesabiwi tena, kwa sababu wapo wenye PCOS wasio nao na wapo wazima walio nao. Kinachotazamwa ni mambo matatu, na mtu anatakiwa kuwa na angalau mawili: mzunguko usioeleweka, dalili za homoni za kiume kwa macho au kwa damu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unaruhusu AMH ya juu itumike badala ya ultrasaundi kwa mtu mzima.

Dada yetu ana mizunguko ya siku 36 hadi 41 na ana ndevu. Mawili tayari. Kwa maana hiyo vipimo vyake vya damu havikuwa vya "kuitafuta PCOS" bali vya kuhakikisha si tezi, si prolaktini, si kitu kingine. Sasa anachohitaji kupimwa ni sukari, kwa kunywa gramu 75 za glukosi na kutolewa damu, kwa sababu mwenye PCOS yuko kwenye hatari kubwa ya kisukari. Hicho ndicho kipimo pekee kwenye safari hii yote kinachotaka ufike bila kula. Kwa hizo homoni nyingine, kunywa chai yako.

Testosteroni ipimwe asubuhi, siku za mwanzo za mzunguko kama inawezekana. Ikizidi kidogo, ni picha ya PCOS. Ikiwa juu mara mbili au tatu ya kiwango, na ndevu, sauti nzito na upara vimekuja ndani ya miezi michache tu, daktari anatafuta uvimbe kwenye ovari au tezi za juu ya figo, na hapo haraka inahitajika. Kuna pia kipimo kinachoandikwa 17-OHP, cha kutazama kasoro ya kurithi ya tezi hizohizo inayofanana sana na PCOS. Hicho kitolewe asubuhi mapema, mwanzoni mwa mzunguko, la sivyo projesteroni ya nusu ya pili itakipandisha bure.

AMH inapimwa siku yoyote. Inaonyesha hifadhi ya mayai iliyobaki: kwenye PCOS huwa juu, kwa mtu anayekaribia ukomo huwa chini. Isikutishe ikiwa chini na hedhi inakuja vizuri. Haisemi kama utapata mimba mwezi huu, na kuwatangazia watu "umebakiza miaka miwili" kwa namba ya AMH ni kuiongezea kazi isiyoijua.

Na kama hedhi haiji kabisa?

Mtu aliyekaa miezi mitano bila damu hawezi kusubiri siku ya 3. Kuna njia mbili. Ya kwanza, baada ya kuhakikisha hakuna mimba, daktari anaweza kukupa vidonge vya projesteroni kwa siku 5 hadi 10. Ukiacha, damu ikija ndani ya wiki moja au mbili, hiyo inahesabiwa siku ya 1. Damu hiyo nayo ni habari: inaonyesha mwili una estrojeni na njia iko wazi.

Ya pili ni kupima siku yoyote, kisha kusubiri uone hedhi inakuja lini. FSH na LH zote zikiwa juu, LH ikiongoza kwa mbali, na hedhi ikaja wiki mbili baadaye, ulipimwa siku yai linatoka. Hakuna ugonjwa hapo. FSH ikiwa juu, estradioli chini, na hedhi haikuja, hiyo ni habari nyingine na irudiwe.

Vyovyote iwavyo, kwenye fomu ya maabara hakikisha yameandikwa mambo haya: tarehe ya siku ya 1 ya hedhi ya mwisho, uko siku ya ngapi leo, saa uliyotolewa damu, na dawa unazotumia. Fomu nyingi zina nafasi ya LMP, yaani hedhi ya mwisho. Isiachwe wazi. Na majibu yote hifadhi picha kwenye simu, pamoja na ule mstari wa viwango vya kawaida vya maabara husika, kwa sababu kila maabara ina vyake.

Kuna wakati pia kila kitu kinakuwa sawa. FSH nzuri, prolaktini nzuri, TSH nzuri, projesteroni inapanda na kushuka kila mwezi, lakini damu haitoki au inatoka matone. Ukiwa na majibu hayo na uliwahi kusafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika au baada ya kujifungua, usirudie homoni mara ya tatu. Ubongo na ovari vinafanya kazi. Huenda kuta za ndani za kizazi zimeshikana kwa makovu, na hilo halionekani kwenye damu hata upime siku gani. Linatazamwa kwa picha ya kizazi iliyowekewa dawa, au kwa kamera ndogo inayoingizwa ndani.